Tangazo la Meta na Barua Pepe: Nani Kaleta Oda?

Chukulia duka la kahawa ya kukaangwa lililoko Ntinda, Kampala. Wateja wake huagiza kwenye tovuti au WhatsApp, hulipa kwa MTN MoMo au Airtel Money, na mzigo hufikishwa kwa bodaboda. Duka hili ni la kubuni, na tarakimu zake nimezitunga ili hesabu ifuatike, ila mkanganyiko wake utautambua mara moja kama umewahi kushika kazi ya matangazo. Kuanzia tarehe 3 hadi 16 Novemba duka linaendesha kampeni kwa njia mbili. Linalipia matangazo ya Facebook na Instagram, na linatuma barua pepe kwa wateja walio kwenye orodha yake. Kampeni inapoisha, ukurasa wa matangazo wa Meta unaandika kwamba umeleta oda 64. Mfumo wa barua pepe unaandika 60. Ukijumlisha unapata 124. Daftari la malipo, yaani pesa zilizolipwa kweli kwa duka, linaonyesha oda 118 kwa wiki zote mbili, wakiwemo watu waliopita barabarani wakaona kibao.

Hakuna mfumo uliodanganya. Kila mmoja umehesabu kwa kanuni yake, na kila mmoja umejipa oda ambazo mwenzake naye amejipa. Ni kama bodaboda wawili wanaodai nauli ya abiria mmoja kwa sababu wote walimpungia mkono pale stendi. Ukizipeleka 64 na 60 mbele ya mwenye duka kisha ukasema Meta imeshinda, umelinganisha kanuni mbili za kuhesabu tu. Kazi yenyewe ni kuzishusha zote mbili kwenye kanuni moja uliyoichagua wewe.

Anza na daftari la malipo. Kabla ya kufungua ripoti yoyote, andika kwa sentensi moja oda ya kampeni ni nini. Kwa duka letu: oda ya kampeni ni malipo yaliyoonekana kwenye taarifa ya MoMo au Airtel Money, au fedha taslimu iliyorudishwa na bodaboda, ndani ya siku 7 tangu mteja abofye kiungo chetu. Sentensi hiyo inafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Msimbo wa ufuatiliaji wa Meta mara nyingi huhesabu ununuzi pale ukurasa wa “asante” unapofunguka, na kwenye tovuti nyingi zetu ukurasa huo hufunguka hata kwa mteja aliyechagua kulipa mzigo ukifika kisha akazima simu. Kwa upande mwingine, mteja aliyebofya tangazo akaingia WhatsApp, akapatana bei na kulipa kwa MoMo, Meta inamjua kama mazungumzo yaliyoanza tu. Kwa kawaida pesa yake haiioni. Kwa hiyo Meta inaweza kujizidishia na kujipunja katika kampeni ile ile. Ndiyo maana marekebisho ya kukadiria, ya aina ya “punguza theluthi moja”, hayafai.

Kinachofuata ni dirisha la siku, na hapa ndipo tofauti kubwa ilipojificha. Mpangilio wa kawaida wa Meta unaipa tangazo sifa kama mtu alilibofya akanunua ndani ya siku 7, au kama aliliona tu, bila kugusa chochote, akanunua ndani ya siku 1. Mifumo ya barua pepe nayo ina madirisha yake, na baadhi huhesabu mtu aliyefungua barua bila kubofya. Fungua mipangilio ya mfumo wako usome; usitegemee ulichosikia, maana hubadilika. Kwenye ukurasa wa matangazo wa Meta, nenda sehemu ya safu za ripoti, chagua Compare attribution settings, uweke alama kwenye siku 7 za kubofya peke yake. Kwa duka letu zile 64 zinagawanyika: 37 za waliobofya na 27 za walioona tu. Kwenye mfumo wa barua pepe, 60 zinagawanyika kuwa 27 za waliobofya na 33 za waliofungua tu.

Sisemi kwamba tangazo lililoonwa halina nguvu. Linaweza kuwa nayo. Lakini mtu anayenunua kahawa kila mwezi hupitiwa na tangazo lako kila anapoingia Instagram, na siku atakayonunua kwa mazoea yake Meta itaandika kuwa ni kazi yake.

Kufungua barua ni kipimo dhaifu zaidi. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple imekuwa ikipakua picha zote kabla mtu hajafungua barua, ikiwa mwenye simu amewasha kinga ya faragha. Mfumo wako unaona barua imefunguliwa ilhali mwenyewe amelala. Kampala wengi wanatumia Android, kwa hiyo athari hiyo ni ndogo kuliko Ulaya, ila angalia wateja wako walioko London au Toronto wanaoagiza kwa ajili ya ndugu zao nyumbani. Upande wa pili kuna anayezima picha ili kuokoa bando: amesoma barua yote, na mfumo hautajua. Gmail nayo hukata barua inayozidi kilobaiti 102, na picha ya ufuatiliaji iliyowekwa mwishoni huachwa nje. Kipimo kinachokosea juu na chini kwa wakati mmoja hakifai kulinganishwa na chochote. Baki na kubofya.

Hata kubofya kwenyewe kuna utata. Safu ya Clicks (all) ya Meta inajumuisha aliyegusa jina la ukurasa wako, aliyependa, na aliyebonyeza “soma zaidi”. Link clicks ni wale waliogusa kiungo. Landing page views ni wale ambao ukurasa uliwafungukia, na kwa mtandao wa kusuasua pengo kati ya hizi mbili si dogo. Tuseme tangazo limeonyeshwa mara 150,000 kwa watu 50,000. Kubofya kwa kila aina ni 3,300, kubofya kiungo ni 1,500, na waliofika kweli ni 900. Ukichukua 3,300 ukagawanya kwa 150,000 unapata asilimia 2.2. Barua moja iliyofika kwa watu 4,000 na kubofywa na watu 140 inapata asilimia 3.5. Asilimia hizi mbili haziwezi kukaa kwenye jedwali moja: ya kwanza inagawanya miguso yote kwa mara ambazo tangazo limeonekana, ya pili inagawanya watu kwa watu. Zifanye zote ziwe watu waliofika kwenye ukurasa kwa kila watu 100 waliofikiwa. Meta inakuwa 900 kwa 50,000, yaani 1.8. Barua, tukichukulia kuwa wote 140 walifika, inabaki 3.5. Na kwenye barua, tazama kama kuna viungo vingi vilivyobofywa ndani ya sekunde chache baada ya kutuma, hasa kwenye anwani za kampuni na mashirika. Hizo ni programu za usalama zinazokagua viungo, wala si wateja. Ziondoe.

Sasa tunafika kwenye jambo la Uganda hasa, ambalo mwongozo wowote ulioandikwa kwingine hautakuambia. Serikali ilifunga mitandao ya kijamii Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Mingine ilifunguliwa mwezi uliofuata, Facebook ikaachwa imefungwa, na watu wakaendelea kuitumia kwa VPN. Google Analytics hukisia nchi ya mgeni kwa anwani ya mtandao anayotokea. Mtu aliyeketi Kireka na VPN imewashwa atahesabiwa kuwa yuko Uholanzi au Marekani. Ukichuja ripoti yako ibaki Uganda peke yake, jambo ambalo kila mchambuzi hufanya kwa nia njema, umewafuta wateja wengi wa Facebook na kuwaacha karibu wote wa barua pepe, kwa sababu Gmail haihitaji VPN. Matokeo yake barua pepe inashinda kwa kichujio. Dalili yake ni hii: gawanya wageni wa tangazo kati ya Facebook na Instagram, kisha tazama nchi. Wa Instagram wakiwa Uganda karibu wote, na wa Facebook wakitawanyika kwenye nchi ambazo hujawahi kupeleka mzigo, ujue ni VPN. Acha kichujio cha nchi na utumie namba ya simu ya mteja au mahali mzigo ulipofikishwa.

Ili ujue oda imetoka wapi bila kuuliza Meta wala mfumo wa barua, weka alama yako mwenyewe kwenye kila kiungo:

```
?utm_source=facebook&utm_medium=paid_social&utm_campaign=kahawa_nov
?utm_source=jarida&utm_medium=email&utm_campaign=kahawa_nov
```

Andika kwa herufi ndogo siku zote, maana Email na email huhesabiwa kuwa vitu viwili. Mwambie fundi wa tovuti ahifadhi alama hizo ndani ya oda yenyewe, katika safu mbili: alama ya kwanza mteja aliyoingia nayo ndani ya siku 7, na alama ya mwisho. Kwa wanaoagiza kwa WhatsApp, tengeneza kiungo kinachoandika ujumbe wa mteja kabla hajaanza:

```
https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Naomba%20kahawa%20FB11
https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Naomba%20kahawa%20BP11
```

Anayejibu WhatsApp anaandika FB11 au BP11 kwenye daftari pembeni ya namba ya muamala wa MoMo. Wapo watakaofuta msimbo na kuandika “Habari, mna kahawa?” Waulizwe, na wasiojibu waachwe bila alama. Msimbo wa kubahatisha ni mbaya kuliko nafasi tupu.

Kabla ya kusoma daftari, hakikisha saa zinalingana. Baadhi ya akaunti za matangazo hufunguliwa haraka na kubaki na saa za Los Angeles. Mwezi Novemba, Kampala ikiwa saa moja asubuhi, kule ni saa mbili usiku wa jana yake, na oda za siku ya mwisho ya kampeni zinahamia siku nyingine. Tena Meta huiandika oda kwenye siku ambayo tangazo lilibofywa au kuonwa, wakati daftari lako linaiandika siku pesa ilipoingia. Kwa hiyo usichukue ripoti ya mwisho tarehe 17. Ngoja hadi tarehe 24, dirisha la siku 7 lifungike, kisha hesabu kwa siku ya kubofya pande zote mbili.

Daftari la duka letu sasa linasema hivi. Oda zenye alama ya Meta ni 35, mbili pungufu ya 37 za Meta yenyewe, na hilo si la kushangaza kwa sababu sehemu ya hesabu ya Meta ni makadirio. Zenye alama ya barua pepe ni 27. Tisa zina alama zote mbili. Ukitoa marudio, oda zilizoguswa na kampeni ni 53. Oda 65 zilizobaki, zaidi ya nusu ya mauzo, hazina alama yoyote.

Watu wengi husimama hapa na kubishana hizo tisa ni za nani. Ubishi huo hauna faida. Swali linalofaa ni mteja huyo tulikuwa naye tayari au hatukuwa naye. Panga oda zote 118 kwa namba ya simu: zipi ni za watu waliokuwa kwenye orodha ya barua kabla ya tarehe 3 Novemba, na zipi ni za wageni. Tunapata 84 za watu wa orodha na 34 za wageni. Kati ya 35 za Meta, 26 ni za wageni. Zile tisa zenye alama mbili zote ni za watu wa orodha. Barua pepe haiwezi kumleta mgeni, kwa sababu haina anwani yake. Tangazo linalomfikia mteja wa zamani linalipia mtu ambaye barua ingemfikia kwa senti chache. Njia hizi mbili zinafanya kazi mbili tofauti, na haki ni kuipima kila moja kwa kazi yake. Katika kampeni inayofuata, wazuie watu wa orodha wasionyeshwe tangazo. Kufanya hivyo kunahitaji kupakia namba au anwani zao kwa Meta, na sheria ya Uganda ya ulinzi wa data na faragha ya 2019 inataka uwe na ridhaa yao. Kama hukuiomba walipojiandikisha, iombe kwanza.

Kwa barua pepe kuna kipimo bora zaidi ya kubofya, na kinagharimu ujasiri tu: waache watu kadhaa bila kuwaandikia. Duka letu lina anwani 5,000 zilizo hai. Kabla ya kampeni, anwani 1,000 zilichaguliwa kwa bahati nasibu zikawekwa kando. Katika Excel weka safu yenye =RAND(), panga kwa safu hiyo, kisha kata 1,000 za juu. Usikate kwa alfabeti wala kwa tarehe ya kujiandikisha, maana wateja wa zamani hununua tofauti na wapya. Wiki mbili zilipokwisha, kati ya 4,000 walioandikiwa, 72 walinunua, yaani 1.8 kwa kila 100. Kati ya 1,000 ambao hawakuandikiwa, 12 walinunua vilevile, 1.2 kwa kila 100. Kwa kiwango hicho, 48 kati ya wale 72 wangenunua hata bila barua. Barua imeongeza takriban oda 24. Linganisha na 60 ambazo mfumo ulijipa.

Lakini usiishike hiyo 24 kwa nguvu mno. Oda 12 ni chache. Kwa bahati tupu zingeweza kuwa 6 au 18, na hesabu nzima ingegeuka. Kanuni ya haraka: chukua kipeuo cha pili cha idadi ndogo, kizidishe mara mbili, ndiyo nafasi ya bahati juu na chini. Kipeuo cha pili cha 12 ni karibu 3.5, kwa hiyo ni 12 ukiongeza au ukipunguza 7. Kampeni moja haitoshi kukata shauri. Wale 1,000 wabaki kando kwa miezi mitatu, ujumlishe kampeni zote, ndipo useme.

Kwa Meta jaribio kama hilo ni gumu. Kuzima tangazo Mbarara na kuliacha Kampala kunasikika vizuri, ila duka dogo halina oda za kutosha Mbarara, na VPN inaivuruga jiografia yenyewe. Kwa duka la ukubwa huu ningezima matangazo yote kwa wiki mbili za kawaida, zisizo na sikukuu wala mishahara ya mwisho wa mwezi kuzipendelea, nikaona oda za wageni zinashuka kutoka 34 hadi ngapi. Ni kipimo kibutu, ila kinapima kitu halisi.

Gharama ndiyo ya mwisho, na ihesabiwe yote. Meta ilitumia shilingi 900,000. Ukiweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwa duka ambalo halirudishiwi kodi hiyo, ni 1,062,000. Barua pepe huitwa ya bure na watu wasiomlipa mwandishi: nusu mwezi ya ada ya mfumo pamoja na malipo ya mwandishi na mpiga picha ni 210,000. Kwa hesabu ya mifumo yenyewe, oda moja ya Meta imegharimu takriban 14,000 na ya barua 3,500. Kwa hesabu yetu, mgeni mmoja wa Meta amegharimu takriban 41,000, na oda moja ya ziada ya barua takriban 8,750, huku tukikumbuka kuwa ya barua imepitia jaribio la kuwaacha watu na ya Meta bado. Andika tofauti hiyo kwenye ripoti kwa maneno, chini ya tarakimu, ili mwenye duka asidhani zina uzito sawa.

Duka hupata faida ya 25,000 kwa oda kabla ya gharama za matangazo. Barua pepe iendelee, pamoja na wale 1,000 walio kando. Meta imepoteza pesa kwenye oda ya kwanza, na kwa kahawa hilo halitoshi kuihukumu, kwa sababu mnywaji hurudi. Ili kurudisha shilingi 1,062,000 zinahitajika oda 43, na 26 zimeshapatikana. Weka alama kwenye namba za simu za wageni hao 26, kisha hesabu oda zao hadi mwisho wa Februari. Zikifika 17 zaidi, tangazo litakuwa limejilipa, liendelee. Zikipungua, lisimamishwe, hata kama Meta itaandika oda 64.